Shingo ya Générose

Kila baada ya wiki tatu Générose Iteka alikuja hospitalini kutolewa maji tumboni, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna aliyemtazama shingoni. Hilo halikuwa jambo la kushangaza. Mtu akija na tumbo lililojaa, macho yote huenda tumboni. Alipanda kitandani, akalala chali kama alivyoagizwa, sindano ikaingia, lita tano au sita zikashuka ndani ya chupa, kisha akavaa viatu akarudi mtaani kwake Kimisagara kwenye cherehani yake.

Jumanne moja ya mwezi wa tano muuguzi Harriet, aliyekuwa akimpima mapigo kabla ya sindano, alihesabu mara mbili akapata namba mbili tofauti. Akahesabu mara ya tatu. Mapigo yalikwenda ovyo, mawili ya haraka, moja la kuchelewa, matatu yaliyokimbizana. Harriet hakuwa mtu wa kubahatisha. Akamwambia mgonjwa asilale kwanza, akaenda kumwita Dokta Mukunde.

Dokta Winifred Mukunde alikuwa amerudi kazini miezi minne tu kabla ya hapo, baada ya kusomea magonjwa ya moyo Dar es Salaam. Alizaliwa na kukulia Ngara, upande wa Tanzania, na wazazi wake walihamia Kigali akiwa na miaka kumi na tatu. Alizungumza Kinyarwanda kwa lafudhi ambayo shangazi zake hawakuacha kuicheka. Kwa hiyo alipomsikia mwanamke kitandani akimwambia Harriet, "Mimi nasikia muzuri Kiswahili, nilikulia Buja," alifurahi kidogo kukisikia hicho Kiswahili cha Bujumbura, kama mtu aliyekuta kiti chake cha zamani.

"Dada Générose, habari za leo?"

"Za leo ni kuvumilia, muganga. Tumbo iko inarudi haraka siku hizi."

Alikuwa ameketi wima ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, vifundo vimevimba hadi ngozi inang'aa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa kwa sababu ya joto, na kwenye sikio lake la kulia kilikuwapo kipuli kidogo cha shaba. Mukunde alikuwa akifungua kinywa aulize swali jingine alipoona kipuli kikicheza.

Mgonjwa hakutikisa kichwa. Alikuwa ametulia kabisa. Lakini ndewe ya sikio ilisukumwa kidogo, ikarudi, ikasukumwa tena. Mukunde akasogea. Chini ya sikio, kutoka kwenye taya hadi kwenye mfupa wa bega, mshipa wa shingo ulikuwa umejaa na kupanda kwa mawimbi mazito, kila wimbi likifika juu na kuanguka ghafla. Akashika kifundo cha mkono wa Générose kwa vidole vyake. Wimbi la shingoni lilipanda sawasawa na pigo la mkononi. Akagandamiza shingo kwa kidole kimoja, taratibu, karibu na mfupa wa bega. Juu ya kidole mawimbi yakakoma. Alipoachia, yakarudi. Ungekuwa mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, usingezimwa na kidole cha polepole namna ile. Huu ulikuwa mshipa unaorudisha damu moyoni, na moyo ulikuwa ukiitema hiyo damu nyuma.

"Naomba uvute pumzi ndefu," akasema, sikizio la moyo likiwa sehemu ya chini ya kifua, kushoto kwa mfupa wa katikati. Mvumo wa damu inayorudi ulikuwapo, hafifu, rahisi kabisa kuukosa. Générose alipovuta pumzi ukaongezeka, alipoitoa ukafifia. Kisha Mukunde akamwegemeza kwenye mito, akaweka kiganja kimoja chini ya mbavu za kulia na kingine mgongoni upande uleule, akangoja. Ini lilikuwa limeshuka upana wa vidole vinne chini ya mbavu. Nalo likapiga. Lilijitanua mbele na nyuma kwa wakati mmoja, likasukuma viganja vyote viwili mbali kimoja na kingine, kila moyo ulipojikamua.

Harriet alikuwa amesimama na trei ya sindano mkononi.

"Tutoe maji, daktari?"

"Toeni kiasi, apumue. Halafu apelekwe chumba cha picha ya moyo leo hii hii."

Kwenye kioo cha mashine hakukuwa na la kubishania. Kila moyo una milango minne, na tatizo la Générose lilianzia kwenye mlango wa kushoto, ule wenye kope mbili. Kope zilikuwa nene, zimeshikana pembeni, zimejaa chokaa, zikiacha upenyo usiofika sentimita moja ya mraba. Damu ilikwama nyuma yake, shinikizo likapanda kwenye mapafu, na upande wa kulia wa moyo ukasukuma dhidi ya shinikizo hilo miaka nenda miaka rudi hadi ukatanuka. Mlango wa kulia wenye kope tatu haukuwa umeoza. Kope zake zilikuwa nyembamba, za kawaida. Ila fremu iliyozishika ilikuwa imepanuka hadi milimita arobaini na saba, na kope hazikufikiana tena. Katikati ulibaki uwazi, na kila pigo lilirusha damu nyuma, ikapanda shingoni, ikashuka kwenye ini. Hata kwenye mishipa ya ini mashine ilionyesha damu ikienda kinyume.

"Ulipokuwa mtoto," Mukunde akamwuliza akipangusa jeli ya mashine kifuani pake, "uliwahi kuumwa viungo? Magoti, vifundo, na homa?"

Générose alifikiri. "Nikiwa na miaka kumi na moja. Goti ilivimba, ikapona, ingine ikavimba. Mama alinibeba mgongoni kwenda shule. Kabla ya hapo koo ilikuwa inaniuma sana. Sasa magoti na tumbo vinahusiana wapi?"

"Vinahusiana. Nitakueleza vizuri. Ini lako si mgonjwa wa kwanza. Linaumizwa na moyo."

Générose akavuta shuka hadi kifuani. "Kwa hiyo haikuwa pombe," akasema.

Hakulisema kama swali, na hakuna aliyekuwa ametaja pombe siku hiyo.

Jioni, wagonjwa wa nje walipokwisha, alifungua faili kwenye kompyuta akarudi nyuma hadi mwanzo. Miaka mitatu iliyopita Générose alilazwa siku nne. Picha ya tumbo ya wakati ule ilisema ini kubwa, maji tumboni. Mstari wa tatu wa ripoti hiyohiyo ulisema: mishipa ya ini na mshipa mkuu wa chini imepanuka. Maji yalipimwa, yakakutwa na protini nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa ini lililonyauka. Vitu vyote viwili vilinyoosha kidole kwenye moyo. Chini yake daktari alikuwa ameandika kwa Kifaransa kizuri cha shule: *ugonjwa wa ini unaotokana na pombe, mgonjwa aache kabisa kunywa.* Na chini ya hapo, jina. W. Mukunde.

Lilikuwa jina lake mwenyewe.

Hakumkumbuka Générose. Ilikuwa ile miaka ya barakoa, wodi zimejaa, na yeye alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani, mwaka wake wa pili kazini. Lakini aliweza kujua alivyofanya, kwa sababu alikijua kila kipengele cha tabia yake ya wakati ule. Alimpima akiwa amelala, kitambaa kikiwa kimemfunika kichwa na shingo. Kwa mtu ambaye damu imejaa kiasi hicho, kumlaza ni kuuficha ugonjwa. Mshipa hujaa hadi juu ya taya, ukingo wa wimbi unapotelea ndani ya fuvu, na kinachobaki ni shingo nene tu. Ni lazima umkalishe wima ndipo ukingo ushuke uonekane. Mvumo nao alikuwa ameandika hakuusikia, na huenda ni kweli, kwani uwazi ukiwa mkubwa sana damu hurudi bila kelele. Tena mgonjwa hakulalamika kukosa pumzi, aliweza kulala chali, na daktari mchanga hudhani moyo mgonjwa lazima usonge pumzi. Hakujua wakati ule kwamba upande wa kulia ukichoka hupeleka damu kidogo mapafuni, na mapafu yakapata nafuu ya uongo.

Haya yote yalikuwa sababu. Ule mstari wa tatu hakuupatia sababu. Hakuusoma, basi.

Kuhusu pombe alikuwa ameandika: *anakiri chupa moja kwenye sherehe.* Alifundishwa kwamba wagonjwa hupunguza, na daktari huzidisha mwenyewe.

Alhamisi kesi ilipelekwa kwenye kikao cha madaktari wa vali, ile milango ya moyo. Dokta Rwema, daktari wa upasuaji aliyekulia Kampala na kuongea taratibu kama mtu anayeshona, aliangalia picha zote bila neno. Dokta Kalisa, mkuu wa magonjwa ya ndani, ndiye aliyeuliza kwanza.

"Kwa nini tusiupanue huo wa kushoto kwa puto, kupitia mshipa wa paja? Tusimpasue."

"Nilitaka hivyo," Mukunde akasema. "Lakini kope zimejaa chokaa, na kuna donge la damu kwenye kimfuko cha chumba cha juu kushoto. Puto litalirusha ubongoni. Na hata tukifaulu, fremu ya kulia haitarudi."

"Haitarudi," Rwema akakubali. "Walimu wangu walisema tengeneza kushoto, kulia kutajirekebisha. Nimewaona hao waliojirekebisha. Baada ya miaka saba, minane, wanarudi na miguu kama magogo. Ukimfungua tena kifua kwa ajili ya mlango wa kulia peke yake, na moyo wa kulia umeshachoka, ini limeshakauka, wengi hawatoki. Kwa hiyo siku tunayobadilisha wa kushoto ndiyo siku ya kuweka pete kulia. Hata uvujaji ungekuwa wa wastani, fremu ikizidi milimita arobaini mimi ningeweka. Huyu amezidi yote." Akamgeukia Mukunde. "Swali langu ni moja. Upande wa kulia bado una nguvu?"

"Unayo, kwa taabu. Kila pigo ukuta wake unajikamua kushuka milimita kumi na nne. Ningependa kumi na saba."

"Manjano?"

"Kidogo kwenye macho. Figo zinashikilia."

"Basi mkaushe kwanza. Wiki tatu wodini, dawa za mkojo za mshipani, chumvi kidogo. Manjano ikishuka na figo zikibaki nzima, ni ini lililofurika, nitampasua. Isiposhuka, ni ini lililokufa, na tutakuwa tumechelewa."

Générose akalazwa. Dawa zilimpeleka msalani usiku na mchana, na kila asubuhi Harriet alimpandisha kwenye mizani. Kilo sabini na nne. Sabini na moja. Sitini na saba. Mwisho wa wiki ya tatu zilikuwa sitini na mbili, na mashavu yake yalijitokeza na kumfanya aonekane mgonjwa zaidi kuliko alipokuja. Manjano ilishuka kwa nusu. Figo zilivumilia. Mukunde alimwendea mchana mmoja, akavuta kiti, akamchorea moyo nyuma ya karatasi ya vipimo.

Alimweleza yote, mlango wa kushoto uliobana, wa kulia ulioachama, kifua kitakachofunguliwa, vali ya chuma itakayowekwa, pete itakayokaza fremu. Akamweleza na hatari. Kati ya watu kumi walio kama yeye, mmoja huenda asitoke. Atakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kila mwezi atapimwa. Asipopasuliwa, dawa za mkojo zitamsaidia miezi kadhaa, labda mwaka, kisha zitashindwa.

Générose alisikiliza akiwa ametuliza mikono mapajani.

"Nimesikia. Lakini bado siweki sahihi."

"Unaogopa?"

"Kuogopa naogopa. Si hiyo." Akalainisha shuka kwa kiganja, kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya mkasi. "Naishi kwa kaka yangu Jean-Bosco. Yeye ni fundi wa kuchomelea, anasoma Kifaransa muzuri kunishinda. Ile karatasi ya kwanza aliisoma mezani, mbele ya muke wake na watoto. Pombe. Nikasema sinywi, akasema karatasi ya muganga haidanganyi. Akaanza kunusa kikombe changu. Kwenye kwaya ya parokia nilikuwa nafundisha sauti ya pili miaka tisa, wakaniambia nipumzike mpaka nipone, na wote wanajua kupona ni kupona nini. Wateja wangine wanakataa kuniachia kitambaa. Miaka mitatu, muganga. Tumbo ikikua wanasema, ona, bado anakunywa." Alipumzika kidogo. "Ukinipasua nikafa, watanizika mulevi. Sitaki. Kwanza karatasi isahihishwe, kaka yangu asomewe. Halafu nitaweka sahihi hata kama ni leo."

"Ni haki yako," Mukunde akasema.

"Yule aliyeandika, bado yuko hapa? Sikuona uso wake. Wote mulikuwa mumefunika."

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikohoa. Mukunde aliona wazi kwamba angeweza kusema hajui, na kwamba hakuna mtu ambaye angemuuliza tena.

"Ni mimi," akasema.

Mukunde akaendelea, sauti ikiwa ileile aliyoitumia kueleza vali, kwa kuwa hakuwa na nyingine. "Picha yako ya tumbo ilikuwa na mstari uliosema mishipa imepanuka. Ulitosha kunifanya nitazame moyo. Sikuusoma. Nilikupima umelala, shingo imefunikwa. Na ulichoniambia kuhusu pombe sikukiamini. Nilikosea, na kosa langu limekupotezea miaka mitatu. Samahani."

"Niliambia wewe chupa moja."

"Uliniambia."

"Harusi ya binamu yangu, Ariane. Hata sikumaliza." Générose akageukia dirishani. "Basi nenda," akasema baadaye, bila ukali. "Nataka kulala."

Kalisa alipofuatwa kuhusu karatasi, hakukataa. Alisema tu kwamba ingetosha kuandika utambuzi mpya, tarehe mpya, na wa zamani ubaki ulipo, kwani magonjwa hubadilika na hakuna anayelazimika kujishtaki. Alisema hivyo kwa wema. Alikuwa ameona madaktari wazuri wakichafuliwa kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Ugonjwa haukubadilika, Daktari," Mukunde akamjibu. "Ni uleule."

"Ukiiandika hivyo itapelekwa kwenye kamati ya nidhamu."

"Najua."

Ikapelekwa. Kamati ilimhoji saa moja, ikamwandikia barua, na jambo hilo likabaki kwenye kumbukumbu zake. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile aliandika ukurasa mmoja kwa Kinyarwanda chepesi, si Kifaransa, akasema ndani yake kwamba ugonjwa wa Générose Iteka ulianza na koo na viungo utotoni, kwamba vali za moyo ndizo zilizojaza ini na tumbo, kwamba pombe haikuhusika hapo mwanzo wala baadaye, na kwamba maandishi ya kwanza yalikuwa kosa la daktari. Akaweka jina na muhuri.

Jean-Bosco alikuja Jumamosi, amevaa koti juu ya shati lenye vitundu vidogo vya cheche. Alikuwa mtu mpana, mwenye heshima, aliyemwita Mukunde "muganga" katika kila sentensi. Alisoma karatasi akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa. Générose alikuwa kitandani, ameegemea mito mitatu, akiangalia mikono ya kaka yake wala si uso wake.

"Kwa hiyo ile ya kwanza iliandikwa na nani?"

"Na mimi."

Mukunde alitarajia hasira na alikuwa amejiandaa kuipokea. Haikuja.

"Mimi nilimficha pesa ya kanisa ili asinunue pombe," akasema Jean-Bosco. "Dada yangu. Nilimfungia chumba cha nje." Akaikunja karatasi mara mbili, akaifungua tena kama anayeogopa mkunjo. "Wewe uliandika mstari mmoja, muganga. Mengine niliyafanya mimi."

Générose akanyoosha mkono. Mukunde alidhani anamnyooshea kaka yake. Alikuwa anataka kalamu.

Alipasuliwa Jumatano iliyofuata. Mukunde hakuwa na kazi chumbani mle isipokuwa kusimama upande wa kichwa na kipimo cha mawimbi ya sauti kilichoshushwa kooni mwa mgonjwa, kuuonyesha moyo kutoka nyuma. Rwema alitoa donge la damu kwanza, jeusi, la ukubwa wa zabibu. Akaikata vali ya kushoto iliyokuwa ngumu kama ganda, akashona ya chuma mahali pake. Kisha akafungua chumba cha kulia, akapitisha nyuzi kuzunguka fremu, akiiruka sehemu moja fupi ambapo njia ya umeme wa moyo hupita, na kuishusha pete. Fremu ikavutwa. Kope tatu, ambazo hazikuwa zimegusana kwa miaka, zikakaa bega kwa bega. Mashine ya kuzungusha damu ilipopunguzwa, kulibaki uvujaji mwembamba tu, kama uzi.

Lakini moyo wa kulia uliamka vibaya. Ulikuwa umezoea kumwaga mzigo wake nyuma, kwenye ini na shingo, na sasa mlango huo umefungwa, ukalazimika kusukuma wote mbele. Kwa siku mbili shinikizo la damu lilishikiliwa na dawa za mshipani. Mkojo ukapungua. Siku ya tatu mapigo yakashuka hadi thelathini na nane, na nyaya za muda zilizoachwa kifuani zikaunganishwa na kisanduku kilichoupiga moyo kwa niaba yake. Jean-Bosco alikaa kwenye benchi la nje kila siku kutoka saa tatu asubuhi. Hakuuliza maswali mengi. Siku ya nne aliuliza kama kile kisanduku kingetolewa, na Mukunde akamwambia hajui, ambayo ilikuwa kweli. Siku ya sita moyo ukaanza kupiga wenyewe juu ya kisanduku. Siku ya nane kikazimwa, na kikakaa kimezimwa.

Alitoka hospitalini baada ya wiki nne. Kutoka alitoka kwa miguu yake, akipumzika mara mbili kwenye korido.

Alirudi kupimwa mwezi wa tisa. Mukunde alimkalisha akiegemea nusu wima, akawasha taa pembeni ya shingo. Mshipa ulionekana chini kabisa, juu kidogo ya mfupa wa bega, ukipepea tu. Ndewe ya sikio ilitulia. Ini lilikuwa limepanda, likibaki upana wa kidole kimoja tu chini ya mbavu, na halikupiga. Mapigo bado yalikuwa ovyo, na yangebaki hivyo. Kutoka kifuani, chumba kikiwa kimya, ulisikika mlio mdogo mkavu wa vali ya chuma, tik, tik, na Générose akasema watoto wa kaka yake hulaza masikio kifuani pake kuusikia.

"Kwaya?"

"Walikuja nyumbani na mayai na sukari. Kiongozi alisoma karatasi mbele ya wote. Sauti ya pili inafundishwa na mungine sasa, na anafundisha muzuri. Nimekubali kukaa nyuma." Alifunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, vidogo, vya kitambaa, alivyovishona kwa mkono. "Kuna neno nataka kukuambia, muganga. Usikasirike."

"Sema, dada."

"Mwezi ujao nataka nipimwe na Dokta Sangwa, yule mungine wa moyo."

Mukunde aliweka sikizio mezani. "Sawa. Nitaandika."

"Si kwa sababu nakuchukia. Niliomba Mungu nisikuchukie, na naona chuki imetoka. Wewe ndiwe uliona shingo, bila wewe ningekuwa kaburini. Hiyo najua. Lakini nikikaa kwenye hiki kiti nakumbuka kikombe kinanuswa. Kila mara. Sangwa sina kitu naye."

"Naelewa. Sangwa ni daktari mzuri. Nitampa faili nzima."

"Nzima?"

"Na ile karatasi."

Générose akatikisa kichwa kukubali. Waliongea mengine kidogo, dawa ya kuzuia damu kuganda, mboga za majani zinazopunguza nguvu ya dawa hiyo asizibadilishe ovyo, jino asiling'oe kabla ya kumwambia daktari, maana vijidudu vya kinywani hupenda vali ya chuma. Kisha akaaga kwa Kiswahili chake cha Buja, akafunga mlango polepole.

Mukunde aliandika barua ya kumkabidhi kwa Sangwa. Alitaja vali, pete, milimita, dozi. Mwishoni akaongeza kwamba mgonjwa hunena ukweli kuhusu historia yake na aaminiwe. Akaisoma mara moja, akaituma, akafungua mlango kumwita anayefuata.